Vishindo Vinne vya Gordon Freeman

Mwezi wa Novemba 1998 kampuni ya Valve ya Marekani ilitoa gemu iitwayo Half-Life. Mchezaji anakuwa Gordon Freeman, mwanafizikia anayetafuta njia ya kutoka hai katika maabara ya Black Mesa, jimboni New Mexico, baada ya jaribio moja kwenda kombo. Freeman haongei hata neno moja. Anapanda ngazi, anapita kwenye mabomba ya hewa, anapigana, lakini zaidi ya yote anakimbia. Na akikimbia, kompyuta humtolea kishindo kimoja cha kiatu kila milisekunde 300.

Piga hesabu: ni vishindo 200 kwa dakika, 12,000 kwa saa. Kwa sakafu ya zege, ambayo ndiyo imejaa Black Mesa, vishindo vyote hivyo vinatoka kwenye rekodi nne tu.

Mchezaji anayetafuta mlango wa kutokea hapaswi kuzitambua rekodi hizo. Akizitambua, haambii rafiki yake kwamba rekodi za vishindo ni chache. Anasema tu kwamba gemu "ina sauti za bandia", au anapunguza volyumu bila kujua kwa nini. Kazi ya fundi wa sauti ni kuyafanya machache yasikike kuwa mengi, na Half-Life ni mahali pazuri pa kujifunzia, kwa sababu Valve waliitoa hadharani sehemu kubwa ya programu yake ili watu wajitengenezee gemu zao juu yake. Tunaweza kufungua na kusoma jinsi walivyofanya. Ndani yake mna njia mbili tofauti kabisa, moja ya miguu na nyingine ya mtaimbo.

Kwanza tuangalie sikio lina shida gani na marudio. Mwaka 1963 watafiti wawili wa Bell Labs, Newman Guttman na Bela Julesz, waliwasikilizisha watu kipande cha mvumo mtupu, ile "shshsh" ya redio isiyoshika stesheni, kikijirudia bila kukoma. Mvumo wa namna hiyo hauna neno wala tuni ya kukumbukwa. Hata hivyo, kipande kilipokuwa kifupi kuliko sekunde moja hivi, wasikilizaji waligundua bila juhudi yoyote kwamba kinajirudia. Maana yake sikio halihitaji kuielewa sauti ili kuikamata ikirudi. Linashika umbo lake lote, pamoja na chembechembe ambazo hakuna mtu angeweza kuzitaja.

Duniani sauti hairudi hivyo. Mtu akitwanga mahindi, mchi hauangukii mahali palepale mara mbili, mahindi yameshasogea, na mkono umechoka kidogo kuliko pigo lililopita. Kila pigo ni ndugu wa mwenzake, lakini si pacha wake. Faili la sauti ni pacha kila linapochezwa, na likichezwa haraka haraka hutoa kile ambacho mafundi hukiita athari ya bunduki ya rashasha: mfululizo wa mapigo yanayolingana mno kiasi kwamba yanasikika kama mashine.

Sasa miguu. Huu ndio mstari unaochagua kishindo cha Freeman:

```
irand = pmove->RandomLong(0,1) + ( pmove->iStepLeft * 2 );
```

`iStepLeft` hugeuka kila hatua: 0, kisha 1, kisha 0 tena. `RandomLong(0,1)` ni kura inayotoa 0 au 1. Kwa hiyo mguu wa kulia hupata namba 0 au 1, na wa kushoto 2 au 3. Kulia huchezwa `pl_step1.wav` au `pl_step3.wav`. Kushoto `pl_step2.wav` au `pl_step4.wav`.

Ni mstari mfupi lakini una akili. Kama kura ingepigwa kati ya mafaili yote manne kila hatua, mara moja kati ya nne faili lingejifuata lenyewe, na hapo ndipo rashasha inaposikika. Kama mafaili yangechezwa kwa zamu isiyobadilika, 1, 2, 3, 4 na kurudi mwanzo, sikio lingekamata mzunguko mzima baada ya muda mfupi, kwa kuwa wote unachukua sekunde 1.2. Kwa kugawa mafaili baina ya miguu, Valve walihakikisha kwamba hakuna kishindo kinachojifuata, huku mpangilio ukibaki hautabiriki. Pia kila mguu una sauti zake, jambo ambalo ni la kweli: watu wengi hawakanyagi sawa kulia na kushoto.

Udhaifu nao uko hapohapo. Mguu wa kulia una chaguo mbili tu, hivyo nusu ya hatua zake hurudia faili la hatua yake iliyopita. Vivyo hivyo kushoto. Chukua hatua nne zozote: uwezekano wa kusikia jozi ileile mara mbili, yaani moja-mbili, moja-mbili, ni robo. Katika korido ndefu hilo halikosekani. Tena ukubwa wa sauti na wembamba wake havibadiliki kabisa. Akikimbia juu ya zege kishindo kinatoka kwa kipimo cha 0.5, akitembea 0.2, na kila hatua ya aina hiyo iko hivyo hivyo.

Kwenye vigae walijaribu kuongeza kitu. Kuna faili la tano, na kila hatua ina nafasi moja kati ya tano ya kulipata badala ya lile lililochaguliwa. Wazo la kuweka sauti moja ya ziada, inayokuja kwa nadra kuliko nyingine, ni zuri, kwani huvunja mazoea ya sikio. Lakini faili hilo halina mguu wake, kwa hiyo ule ulinzi wa kupokezana umevunjika: kwa wastani kila hatua 25, ambazo kwa mwendo wa kukimbia ni sekunde saba na nusu, faili la tano litajifuata lenyewe. Anayelijua hilo akiingia kwenye vyumba vya vigae vya Black Mesa hataacha kulisikia, na ninaomba radhi kwa wale niliowaharibia.

Mtaimbo ni habari nyingine. Ndiyo silaha ya kwanza ya Freeman, na ukipiga ukuta bila kuachia kitufe unapata mapigo manne kwa sekunde, mengi kuliko hatua zake. Kwa mtindo ule wa miguu pangekuwa hapavumiliki. Hapa, badala ya kucheza faili moja, programu inacheza mawili kwa wakati mmoja. La kwanza ni sauti ya chuma cha mtaimbo wenyewe, inayochaguliwa kati ya `cbar_hit1.wav` na `cbar_hit2.wav`. La pili ni sauti ya kitu kilichopigwa, na kwa ukuta wa zege huchaguliwa kati ya `pl_step1.wav` na `pl_step2.wav`.

Ndiyo, ni yale yale mafaili ya viatu. Ukuta wa Black Mesa unapopigwa mtaimbo hulia kwa sauti ya buti la Freeman, na ni wachache mno waliowahi kugundua, kwa sababu tabaka la chuma lililo juu yake linaliambia sikio kwamba hiki ni kitu kingine. Kishindo cha kiatu kikipewa mwenzake wa chuma hupoteza utambulisho wake. Hiyo ndiyo nguvu ya kupanga sauti kwa matabaka: sikio huyachanganya yanayoanza pamoja na kuyahesabu kuwa tukio moja.

Juu ya matabaka kuna badiliko la pili. Mwisho wa amri inayocheza sauti ya ukuta unasomeka hivi:

```
96 + RANDOM_LONG(0,0xf)
```

`0xf` ni 15, hivyo namba inayotoka ni kati ya 96 na 111. Hiyo ni kasi ya kuchezea rekodi, ambapo 100 ni kasi yake ya asili. Rekodi ikichezwa kwa 96 inakuwa nzito na ndefu kidogo. Kwa 111 inakuwa nyembamba na fupi. Kwa lugha ya wanamuziki upana wote huo ni nusu toni mbili na ushee. Tabaka la chuma nalo hupewa kasi ya kati ya 98 na 101 tu.

Kwenye karatasi, mafaili mawili ya chuma yenye kasi nne, yakizidishwa kwa mafaili mawili ya ukuta yenye kasi 16, ni mapigo 256 tofauti kutoka mafaili manne. Miguu ilikuwa na mafaili manne pia na ikatoa vishindo vinne. Tofauti ni kwamba matabaka huzidishana, ilhali kuongeza mafaili ndani ya tabaka moja ni kujumlisha tu. Siamini kwamba sikio linasikia mapigo 256. Kasi ya 103 na ya 104 hakuna anayezitofautisha. Lakini si lazima lisikie tofauti. Linachohitaji ni kukosa pacha wa kumkamata.

Mtaimbo una jambo moja zaidi ambalo nalipenda. Kila aina ya ukuta ina kipimo chake cha kuishusha sauti ya chuma. Kwenye zege tabaka la mtaimbo hutoka kwa 0.6, kwenye ukuta wa chuma 0.3, kwenye udongo 0.1. Kwa nini chuma juu ya chuma kipunguzwe? Kwa sababu matabaka mawili ya aina moja hugombania nafasi ileile, na matokeo yake ni kelele isiyo na umbo. Kwenye udongo, mlio wa chuma ungedanganya, kwani udongo humeza. Kupanga matabaka ni pamoja na kuamua ni lipi liseme na lipi linyamaze.

Tuseme leo umepewa kazi ya kutengeneza upya vishindo vya Freeman juu ya zege. Ningeifanya kwa njia ya mtaimbo. Kishindo cha kiatu si sauti moja. Kwanza kisigino hugonga. Halafu sehemu ya mbele ya wayo hushuka, na kwa mtu anayetembea pana kama sehemu ya kumi ya sekunde kati yao. Chini ya vyote kuna vumbi na changarawe zinazosagika. Na juu kuna mwili wenyewe, yaani nguo, mkanda, silaha zinazogongana. Hivyo ni vitu vinne vinavyoweza kurekodiwa mbalimbali. Visigino vitano, nyayo tano, vumbi nne, nguo nne: mafaili 18, na mchanganyiko wake ni 400 kabla hujagusa kasi.

Kurekodi ni kazi ya zamani ya sinema, inayoitwa kwa jina la Jack Foley wa studio za Universal, ambaye tangu mwanzo wa filamu za sauti alikuwa akikanyagia waigizaji mbele ya maikrofoni huku akiwatazama kwenye skrini. Fundi wa gemu hana picha ya kufuata, na hilo humbadilishia kazi. Anakanyaga polepole, akiacha kimya kati ya pigo na pigo ili mkia wa kila sauti uishe wenyewe. Anarekodi mapigo mengi, labda thelathini ya kisigino peke yake, kisha anayachuja.

Kuchuja ndiko kunakowashinda wanaoanza. Mtu husikiliza rekodi zake na kuchagua zile zinazovutia: hii ina mlio mzuri wa ngozi, ile ina kijiwe kilichoruka. Hizo ndizo za kutupa. Faili lenye alama yake huwa kama mtu mwenye kofia nyekundu katika umati. Likipita mara mbili umeshalijua, na kuanzia hapo unalisubiri. Visigino vitano vinavyofaa ni vile ambavyo, ukifumba macho, huwezi kusema kipi ni kipi ingawa unajua havilingani. Kijiwe kilichoruka kama unakipenda sana kiweke katika tabaka la vumbi, kije mara moja kwa hatua mia. Halafu visawazishe ukubwa kwa sikio, kwa sababu faili moja likizidi wenzake kidogo tu, tayari limevaa kofia.

Kura nayo ina mtego. Bahati nasibu ya kweli hujirudia mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Kwa visigino vitano, mara moja kati ya tano kisigino kitajifuata chenyewe, na kwa mwendo wa Freeman hiyo ni kila sekunde moja na nusu. Kwa hiyo mafundi hawatumii bahati ya kweli. Wanaiambia programu isirudie mafaili mawili yaliyopita, au wanalichanga kundi lote kama karata na kulimaliza ndipo walichange upya. Ukifuata njia ya karata, angalia mahali kundi moja linapoisha na jingine kuanza. Karata ya mwisho inaweza kuwa ndiyo ya kwanza safari hii. Programu zinazotumika sana katika kazi hii, kama Wwise na FMOD, zina vitu hivi tayari.

Halafu kasi. Hapa mkono mzito huharibu. Kisigino kikibadilishwa kwa asilimia tatu juu na chini kinasikika kama mtu yuleyule kwenye sakafu ileile. Kikibadilishwa kwa asilimia 12, mtu mnene na mtoto wanapokezana ndani ya buti moja. Vumbi linavumilia zaidi, hata asilimia kumi, kwa sababu ni mvumo usio na noti. Wavu wa chuma hauvumilii karibu chochote. Kipande cha chuma kina noti yake inayotokana na ukubwa na unene wake, na ukiibadilisha kila hatua ni kana kwamba sakafu inapanuka na kusinyaa chini ya miguu. Kwa chuma ni heri kuacha noti mahali pake na kubadilisha matabaka yanayoizunguka, au kupunguza na kuongeza ukali wa pigo. Kuhusu mtaimbo, zege lake lingeweza kubeba ule upana wa 96 hadi 111. Mlio wa chuma usingeweza, na nadhani ndiyo sababu ukabanwa kati ya 98 na 101.

Vitu vinavyoanguka vina balaa lao. Sanduku likiporomoka kwenye ngazi, hesabu za gemu zinaweza kugundua migongano mitano ndani ya kufumba na kufumbua, pembe moja baada ya nyingine. Faili moja likichezwa mara mbili kwa kupishana milisekunde chache, mawimbi yake hufutana sehemu fulani na kuongezana nyingine, na unasikia mlio wa bomba, kama sanduku limo ndani ya pipa. Kulirekebisha hilo hakuhitaji mafaili mapya: zuia sanduku moja lisitoe pigo jipya kabla ya sehemu ya kumi ya sekunde kupita, isipokuwa pigo hilo ni kubwa kuliko lililotangulia. Na nguvu ya pigo ichague faili, isiwe inapandisha volyumu tu. Sanduku lililoguswa kidogo halitoi sauti ileile ya kishindo kikubwa iliyopunguzwa; linatoa sauti nyingine, butu zaidi.

Kupima kazi yako, geuzia skrini ukutani, shika kitufe cha kwenda mbele, na usikilize dakika tano. Ukianza kutikisa kichwa kwa mdundo fulani, kuna mzunguko. Ukijikuta unasubiri sauti fulani, kuna kofia nyekundu. Kisha mwite mtu asiyejua ulichofanya, mpe gemu acheze, usimwulize chochote kuhusu sauti.

Kuna mahali ambapo utofauti huu wote hauna budi kubanwa. Half-Life ikichezwa na watu wengi wakipigana, programu huzima kishindo cha mtu ambaye mwendo wake hauzidi vipimo 220 kwa sekunde: anayenyata hasikiki, anayekimbia anajitangaza. Counter-Strike, iliyozaliwa mwaka 1999 juu ya programu hiyohiyo, ilifanya kusikiliza miguu kuwa sehemu ya mapigano. Pale kishindo ni habari. Mchezaji anakisia umbali kwa ukubwa wa sauti, na katika hewa wazi badiliko la desibeli tatu linatosha kumfanya adui aliye mita kumi adhaniwe yuko mita saba, au kumi na nne. Fundi akitupa desibeli tatu za bahati nasibu kwenye kila hatua ili zisichoshe, atamuua mtu aliyesikiliza vizuri. Kwa hiyo miguu ya mchezaji mwenyewe hupewa uhuru wote, kwani yeye anajua aliko, na miguu ya adui hubadilishiwa vumbi na nguo tu, huku ukubwa wa kisigino ukiachwa bila kuguswa.